Tarehe ya kifo cha Seyyid Said si tarehe ya utawala wa Majid

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera kila nikilikuta katika safu za kumbukumbu za kihistoria na katika madaftari ya wanafunzi wa huku kwetu Mikindani. Inaandikwa kwamba Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, na mstari unaofuata unasema Seyyid Majid alianza kutawala Unguja tarehe 19 Oktoba 1856. Mwanafunzi anakariri, anapata alama yake, na anabaki na picha ya mzee anayekata roho kitandani huku mwanawe akivishwa kilemba chumba cha pili. Haikuwa hivyo hata kidogo, na tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayetaka kusoma nyaraka za pwani hii.

Seyyid Said hakufia Unguja. Alikuwa anarudi kutoka Omani, alikoondoka Septemba mwaka huo, akiwa ndani ya merikebu yake iitwayo Victoria. Njiani jeraha la zamani la paja lilimsumbua, kisha akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli. Siku hiyo, 19 Oktoba, ilikuwa Jumapili. Aliyekuwa naye chomboni ni mwanawe Barghash, kijana wa miaka kama kumi na tisa. Majid, mkubwa kwake kwa miaka kama mitatu, alikuwa Unguja. Mwanawe mwingine, Thuwaini, alikuwa Maskati, Omani. Khalid, ambaye baba yake alikuwa amemweka kuwa mrithi upande huu wa Afrika, alikwisha kufa mwaka 1854, na kwa hiyo kiti cha Unguja kilikuwa na shaka hata kabla mzee hajafumba macho.

Sasa hesabu siku. Waya wa telegrafu ulifika Unguja mwaka 1879, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Mwaka 1856 habari ilisafiri kwa kasi ya tanga. Kwa hiyo kuanzia Jumapili ile hadi Jumamosi tarehe 25, merikebu ilipofika karibu na Unguja, hapakuwa na mtu yeyote wa nchi kavu aliyejua kwamba Sultani hayupo. Katikati yake ilipita Ijumaa moja, tarehe 24, watu wakasali na kurudi majumbani, na kwao aliyekuwa akitawala ni yuleyule Seyyid Said.

Muda huu wa siku sita siuiti kuficha. Kifo kilikuwa hakijulikani tu, na mwandishi wa historia asichanganye mambo haya mawili, kwa sababu sababu zake ni tofauti na alama zinazobaki katika maandishi ni tofauti. Habari iliyochelewa inachelewa kwa wote, rafiki na adui. Habari iliyofichwa ina mtu anayeijua na anayeitumia.

Kuficha kulianza chombo kilipokaribia. Hata kabla ya hapo Barghash alifanya jambo ambalo halikuwa desturi: badala ya kuizika maiti baharini kama ilivyokuwa kawaida kwa anayefia safarini, aliihifadhi katika jeneza na kuja nayo. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na miwili wakati huo, ndiye aliyetuachia masimulizi ya ndani ya nyumba. Anaeleza kwamba Majid alitoka kwenda kumlaki baba yake baharini, wakapishana. Usiku huohuo Barghash alishuka pwani kimyakimya, akamzika baba yake gizani, kisha akajaribu kupata ngome kutoka kwa askari wa Kibulushi walioilinda. Jemadari wao alikataa. Kulipopambazuka siri ilikuwa imekwisha na mpango umeharibika.

Kwa hiyo uficho wenyewe, ule wa makusudi, ulikuwa wa usiku mmoja tu, na ulikusudiwa kumpa kijana nafasi ya kushika ngome kabla kaka yake hajajua kuwa wanagombea. Majid alitangazwa kuwa mtawala wa Unguja tarehe 28 Oktoba, Jumanne, na chombo kikatumwa Omani kumpelekea Thuwaini habari. Na bado orodha nyingi za watawala wa Omani zinaanza utawala wa Thuwaini tarehe 19 Oktoba 1856! Mtu aliyekuwa Maskati, ambaye hata habari haikuwa imemfikia. Yaani orodha zinatuonyesha watawala wawili, mmoja Unguja na mmoja Maskati, wote wakianza kazi siku ambayo hapakuwa na hata mmoja wao aliyejua kwamba baba yake amekufa.

Nadhani najua kosa hili linatoka wapi. Mtengeneza orodha hapendi pengo. Anaona mtawala mmoja ameisha tarehe fulani, naye anaunganisha hapo hapo mwanzo wa anayefuata, kwa imani kwamba kiti hakikai wazi. Kisheria pengine ana hoja. Lakini mgogoro wa Majid na Thuwaini ulikuja kuamuliwa na Waingereza mwaka 1861 kwa kuitenga Unguja na Omani, na mgogoro ule wote ulihusu nani alimrithi nani na kwa haki gani. Kuandika kwamba wote wawili walianza siku moja, bila maelezo, ni kuufuta mgogoro wenyewe.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu wetu wa pwani watalielewa haraka. Kwa hesabu ya kalenda, 19 Oktoba 1856 inaangukia tarehe 19 ya Mfungo Tano, yaani mwezi wa Safar, mwaka 1273 wa Hijria. Lakini siku yetu inaanza magharibi, ya Wazungu inaanza usiku wa manane. Mtu akifariki baada ya jua kuzama, karani anayeandika kwa Hijria ataandika tarehe ya kesho, na anayeigeuza baadaye kwa jedwali bila kujua saa ya kifo atasogeza siku moja mbele. Ongeza na tofauti ya kuandama kwa mwezi. Kwa hiyo ukikuta kitabu kinapishana na kingine kwa siku moja, usikimbilie kusema kuna siri. Ukikuta wamepishana kwa siku tatu, tisa au zaidi, hapo ndipo uulize nani alijua na lini.

Wala tusidhani haya ni mambo ya enzi za merikebu. Rais Laurent Kabila wa Kongo alipigwa risasi na mlinzi wake katika ikulu ya Kinshasa tarehe 16 Januari 2001. Siku hiyohiyo waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji alisema amekufa. Serikali ya Kongo ikasema anaendelea na matibabu, akapelekwa Harare, na kifo kikakubaliwa rasmi tarehe 18. Matokeo yake mpaka leo vitabu vingine vya marejeo vinaandika 16 na vingine 18, na kila kimoja kina kauli ya kuegemea. Wakongo wenyewe wameweka sikukuu yao ya kumkumbuka tarehe 16. Hapa simu zilikuwepo, redio zilikuwepo. Siku mbili zile zilitumika kupanga nani atashika, na Joseph Kabila alikwisha kupewa uongozi kabla kifo cha baba yake hakijakubaliwa hadharani. Tazama basi alama inayobaki: mrithi anatangulia msiba. Ukiona hivyo katika kumbukumbu yoyote, tarehe ya tangazo usiichukue kuwa tarehe ya kifo.

Katika habari ya Seyyid Said tuna bahati kwamba tarehe ya kifo yenyewe haikusogezwa. Merikebu ilikuwa na watu wengi, mambo yakajulikana mapema, na Barghash hakuwa na faida ya kudanganya siku. Angefanikiwa kuipata ngome, ni rahisi kuona jinsi tarehe ingeweza kuhamishwa ili ionekane baba alifika hai na kumkabidhi. Kilichosogezwa ni kile cha pili, mwanzo wa Majid, na kilisogezwa na waandishi waliokuja baadaye, kwa mazoea tu.

Kwa sisi wa kusini jambo hili lina uzito wa pekee. Mikindani, Sudi, Lindi na Kilwa Kivinje zilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Livingstone alipopita Mikindani mwaka 1866 alimkuta mtoza ushuru wa Sultani. Mwishoni mwa Oktoba kusi linakuwa limechoka na kaskazi bado haijashika, ni wakati wa maleleji, na jahazi linaloshuka kutoka Unguja kuja huku haliwezi kuahidi siku ya kufika. Kwa hiyo hata baada ya tarehe 28 Oktoba, bandari zetu ziliendelea kwa muda kuishi chini ya Seyyid Said ambaye alikwisha kuzikwa. Mkataba wa shamba au wa deni ulioandikwa huku mwanzoni mwa Novemba na kumtaja yeye kuwa mtawala si wa kughushi. Kinyume chake, ukiletewa hati ya Mikindani yenye tarehe 20 Oktoba inayomtaja Majid kuwa Sultani, hiyo ndiyo ya kutilia shaka, maana mwandishi wake amejua jambo ambalo Majid mwenyewe hakulijua. Anayefuata orodha ya kawaida atafanya kinyume kabisa: ataitupa hati ya kweli na kuipokea ya uongo.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba mnapochapa kumbukumbu ya mtawala wa namna hii mweke tarehe tatu: alipofariki, habari ilipojulikana, na mrithi alipotangazwa. Kwa Seyyid Said ni 19 Oktoba baharini, usiku wa 25 kuamkia 26 Unguja, na 28 Oktoba kwa Majid. Haitachukua zaidi ya mstari mmoja. Na kama gazeti linawafikia wenye masanduku ya wazee wao, Lindi, Kivinje, Sudi na hapa Mikindani, nawaomba waangalie barua na hati zozote zilizoandikwa Mfungo Tano, Mfungo Sita na Mfungo Saba wa mwaka 1273. Wasome jina la mtawala aliyetajwa na tarehe iliyo chini yake, wasizisafishe wala kuzibandika gundi, na wazionyeshe kwa mtu anayesoma maandishi ya Kiarabu. Kwa kuzipanga hati hizo bandari kwa bandari tunaweza kujua msiba ulifika lini kila mji wa kusini, tarehe ya nne ambayo haimo katika orodha yoyote.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Mikindani, Mtwara