Mkataba kuhuishwa mara nne si ajira ya kudumu

Ndugu Mhariri,

Kuna imani iliyoenea viwandani, hospitalini na mashuleni kwamba mtumishi akishahuishiwa mkataba wa muda maalumu mara mbili au tatu, sheria inamfanya kuwa mwajiriwa wa kudumu. Kwa Tanzania Bara haiko hivyo, na imani hii inawagharimu watu, kwa sababu wanafungua shauri wakidai wasichokuwa nacho na kuacha kile walichokuwa nacho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina idadi ya mikataba wala miaka ambayo ikifika ajira inageuka kuwa ya kudumu. Ilichonacho kimo katika kifungu cha 36(a)(iii), kwa namba za sheria kama ilivyotungwa: mwajiri akikataa kuhuisha mkataba kwa masharti yaleyale au yanayofanana nayo, na mfanyakazi alikuwa na matarajio yenye msingi kwamba utahuishwa, kukataa huko kunahesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi. Anachoruhusiwa kutarajia ni mkataba mwingine kama ule uliokwisha. Kama ulikuwa wa mwaka mmoja, atarajie mwaka mmoja. Afrika Kusini walikuwa na maneno yanayokaribiana sana na haya, lakini marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2015 yaliongeza kwamba mfanyakazi anaweza pia kutarajia kubakizwa kwa muda usio na ukomo. Bunge letu halijafika huko, na kwa maoni yangu ndiyo kasoro kubwa ya kifungu hiki.

Nani athibitishe matarajio hayo? Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 4, zinaubebesha mzigo huo mfanyakazi. Lazima aonyeshe msingi unaoonekana, mathalani kuhuishwa huko nyuma au ahadi ya mwajiri. Mikataba ya zamani peke yake ni ushahidi dhaifu pale mwajiri anapokuwa ametoa barua mapema kwamba hatahuisha. Inapata nguvu ikiambatana na jambo alilolifanya mwajiri mwenyewe: ratiba ya likizo iliyoidhinishwa kwa tarehe zinazovuka mwisho wa mkataba, barua pepe ya msimamizi inayompangia malengo ya mwaka ujao, au kifungu ndani ya mkataba kinachosema asiyetaka kuhuisha atatoa taarifa ya mwezi mmoja, kisha taarifa hiyo haikutolewa. Nakala za vitu hivi zitunzwe nyumbani. Siku anayoambiwa kazi imekwisha, barua pepe ya ofisi hufungwa kabla hajafika getini.

Kanuni hiyohiyo ina njia ya pili ambayo watu wengi hawaijui: mfanyakazi akiendelea kufanya kazi baada ya muda kwisha, na mazingira yakiruhusu, mkataba unaweza kuhesabiwa kuwa umehuishwa kwa vitendo.

Tumchukue mtaalamu wa maabara wa kufikirika, anayelipwa shilingi 900,000 kwa mwezi, mwenye mkataba wa mwaka mmoja uliohuishwa mara nne. Mkataba wa tano unaisha tarehe 31 Desemba. Hakuna barua, hakuna mazungumzo. Januari anapangiwa zamu kama kawaida na mshahara unaingia benki. Tarehe 10 Februari anaitwa na afisa rasilimali watu, anaambiwa, "Mkataba wako ulikwisha Desemba, tunakushukuru."

Hapa tarehe ndiyo kesi yenyewe. Shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mwajiri atataka zihesabiwe kuanzia 31 Desemba, na kwa hesabu hiyo mtu wetu alikwishachelewa siku aliyoitwa ofisini. Yeye aseme mkataba ulihuishwa kwa vitendo kuanzia 1 Januari, kwa masharti yaleyale, na ukavunjwa tarehe 10 Februari. Siku zake 30 zinaishia tarehe 12 Machi. Ushahidi wake ni orodha ya zamu, hati ya mshahara wa Januari, na taarifa ya michango ya NSSF inayoonyesha mwezi huo umechangiwa. Akishinda, asitegemee kupewa ajira ya kudumu. Kwa mkataba wa muda maalumu, kipimo kinachotumika ni mshahara wa muda uliobaki: miezi kumi, Machi hadi Desemba, ambayo ni shilingi 9,000,000, pamoja na siku za Februari zilizobaki.

Mambo yangekuwa mengine kabisa kama mwezi Januari angetia saini nyongeza ya mwezi mmoja "kwa ajili ya kukabidhi ofisi". Karatasi hiyo fupi inaonekana kama huruma, lakini inaweka muda mpya uliokubaliwa na kuifunga hoja ya kuhuishwa kwa vitendo. Vivyo hivyo mkataba unaoletwa Machi ukiwa umeandikwa tarehe ya Januari. Anayeusaini aandike kwa mkono wake siku halisi anayosaini, pembeni ya jina lake. Mwajiri mwenye nia njema hatagombana naye kwa hilo.

Pale Tume, fomu inayojazwa ni CMA F.1. Mwajiri hupewa nakala kwanza, na uthibitisho kwamba ameipokea huambatanishwa. Kosa linalojirudia ni kuweka alama kwenye "kuachishwa kazi" kisha kuiacha wazi Sehemu B, ambayo ni ya migogoro ya aina hiyo. Kosa jingine ni kuandika tu "nimefukuzwa bila haki" bila kutaja matarajio ya kuhuishwa au kuhuishwa kwa vitendo. Kilichoandikwa kwenye fomu ndicho kinachomfunga mdai hadi mwisho, kwa hiyo hoja zote mbili ziandikwe, moja ikiwa mbadala wa nyingine. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2 na kiapo kinachoeleza sababu za kila kipindi cha ucheleweshaji. "Nilikuwa nasubiri mwajiri anijibu" ni sababu dhaifu.

Niseme pia kuhusu mtindo wa kumpumzisha mtu wiki mbili kati ya mkataba na mkataba ili aonekane mpya kila mara. Kifungu cha 35 kinamnyima kinga ya kuachishwa isivyo haki mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo, lakini kinasema wazi: iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Mikataba mitano ya miezi miwili miwili inajumlishwa.

Anayetaka ajira ya kudumu hasa, mahali pa kuitafuta kwa sasa ni kwenye mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Makubaliano hayo yakiandikwa na kutiwa saini yanafunga pande zote, na nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Vyama vyetu vinajadili nyongeza ya mshahara na posho ya nyumba kwa wiki nzima, lakini ni nadra kudai kifungu kimoja chepesi: nafasi iliyomo kwenye muundo wa kudumu wa taasisi isijazwe kwa mkataba wa muda zaidi ya mara mbili, na mara ya tatu aliyemo aandikiwe barua ya ajira isiyo na ukomo. Kiorodheshe pia kazi ambazo hakitazihusu, kama za msimu, za mradi wenye fedha za mfadhili zenye mwisho, na za kushika nafasi ya aliye likizo ya uzazi, maana bila hayo waajiri watakikataa, na kwa hilo watakuwa na haki.

Msomaji wako,
Dar es Salaam