Neno "TU" liwe kipimo cha herufi za masharti

Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia ilikuwa zamani sana, niliposahihisha "mahakama imeketishwa" yenu ya ukurasa wa mbele, na hamkunijibu. Nikanyamaza. Lakini habari yenu ya juzi kuhusu wanaolizwa na mikopo ya kausha damu imenitoa kitandani, hasa pale yule bwana wa kampuni aliposema kwamba masharti yote yapo kwenye tangazo, ila wateja wetu hawapendi kusoma. Mwandishi wenu akaiandika kauli hiyo na kuiacha hapo hapo, wala hakumwomba bwana huyo ayasome masharti yake kwa sauti.

Mimi ni msomaji prufu mstaafu. Nimekaa miaka 22 kwenye kiwanda cha uchapaji hapa Dar es Salaam, na hayo maandishi ya chini ya tangazo nimeyapanga kwa mikono yangu. Najua yanavyofika pale. Mteja analeta maneno ya wakili wake ukurasa mzima, anataka picha ya mama anayecheka ibaki kubwa, kisha anauliza: "Fundi, haya hayawezi kupungua kidogo?" Unashusha ukubwa wa herufi kutoka pointi 8 hadi 6. Anauliza tena. Unafika 5, yote kwa herufi kubwa, nyeupe juu ya rangi ya chungwa, na wino ukitanuka kidogo kwenye karatasi nyepesi matumbo ya A na R yanazibika. Hapo haijalishi una miwani gani. Kwa hiyo bwana wenu aniondolee habari za watu wasiopenda kusoma.

Sasa nieleze kilichotokea kwangu. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, anauza samaki na barafu hapa Tabata. Alitaka friza la pili. Akapewa kipeperushi kituoni: "MKOPO NDANI YA SAA MOJA! RIBA ASILIMIA 3 TU! BILA DHAMANA!" Pembeni ya 3 kuna kinyota kidogo kama kinyesi cha nzi. Akakopa 1,200,000 kwa mwaka mmoja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: asilimia 3 ya milioni moja na laki mbili ni 36,000, kwa hiyo atarudisha 1,236,000. Mwezi wa kwanza akadaiwa 136,000. Akaja kwangu usiku, kipeperushi kimekunjwa kwenye pindo la khanga, akasema, "Shemeji, wewe ndiye mtu wa karatasi. Hebu nionyeshe hii 136,000 imeandikwa wapi."

Haikuandikwa popote. Kilichoandikwa, tulichokisoma kwa lenzi na tochi ya simu, ni hiki: "Riba itakokotolewa kwa kiwango bapa cha asilimia tatu kwa mwezi juu ya kiasi asilia cha mkopo bila kujali kiasi kilichokwisha kurejeshwa." Mhariri, sentensi hiyo ni ya kweli kabisa. Wakili aliyeiandika anaweza kulala. Maana yake ni kwamba kila mwezi unalipa 36,000 ya riba, na mwezi wa kumi na mbili, unapobakiwa na deni la laki moja tu, bado unalipa 36,000. Jumla ya riba ni 432,000. Kama asilimia 3 ingepigwa kwenye deni lililobaki, kama mtu yeyote anavyodhani, angeanza na 36,000, mwezi unaofuata 33,000, na kushuka hivyo hadi 3,000 mwezi wa mwisho, jumla 234,000. Na kuna sentensi nyingine chini yake, kwamba "ada ya uchakataji asilimia tatu na bima asilimia moja zitakatwa kabla ya malipo". Kwa hiyo mkononi hakupata milioni moja na laki mbili. Alipata 1,152,000, na atarudisha 1,632,000. Ukiyapima kwa deni linalopungua, makato yakiwa ndani, yale "asilimia 3 tu" yanakaribia asilimia 6 kwa mwezi. Tofauti ya shilingi 480,000 kati ya alichopokea na atakachorudisha ilikuwa imelala ndani ya mistari miwili ya pointi 5, na mama wa picha anacheka juu yake.

Nikachukua mgongo wa kalenda ya mwaka jana, nikasema nitaandika hayo masharti yasomeke. Na hapa ndipo nataka wasomaji wenu wanisikilize, maana kila mtu anasema "rahisisheni lugha" kana kwamba ni kufupisha tu. Ukifupisha ile sentensi ikawa "Riba ni asilimia 3 kwa mwezi", umeipa mtu sentensi nyepesi inayomdanganya kuliko ile ya wakili. Yale maneno mazito ya "kiasi asilia" na "bila kujali" ndiyo yaliyobeba maumivu. Ukiyatupa, umetupa ukweli. Niliandika hivi: "Riba ni asilimia 3 kila mwezi ya mkopo wote uliochukua mwanzo. Haipungui hata deni lako likipungua." Maneno kumi na sita. Hakuna kilichopotea.

Kwenye faini nilijikwaa, na nakiri. Wao waliandika: "Faini ya asilimia tano kwa wiki itatozwa juu ya rejesho lililocheleweshwa." Mimi kwa kiburi cha ustaa nikaandika: "Ukichelewa, unalipa faini ya asilimia 5 kila wiki." Binti wa shemeji, yuko kidato cha nne, alikuwa anamenya vitunguu hapo kibarazani. Akainua kichwa: "Baba mkubwa, asilimia tano ya nini?" Nikakaa kimya. Asilimia 5 ya rejesho ni 6,800. Asilimia 5 ya mkopo wote ni 60,000. Maandishi yangu mazuri yangeweza kumtisha mtu bure au kumpa mkopeshaji mwanya wa kumkamua. Tukaandika upya: "Ukichelewa, kila wiki tunakutoza asilimia 5 ya rejesho ulilochelewesha. Kwa rejesho la 136,000, ni shilingi 6,800." Ndiyo maana nasema kila asilimia ikaandikwe na kitu chake pembeni, na fedha yake mbele yake.

Halafu angalieni hiyo "itatozwa", "itakokotolewa", "zitakatwa". Kiswahili kina kauli nzuri sana ya kumficha mtenda. Nani anatoza? Nani anakata? Ukiweka "sisi" na "wewe", nusu ya ukungu unaondoka wenyewe, na sharti linabaki lile lile mbele ya hakimu.

Lakini sharti la tatu lilinishinda kabisa. Juu wameandika BILA DHAMANA. Chini: "Mkopaji ameridhia vifaa vya ndani kushikiliwa na kuuzwa endapo atashindwa kutimiza wajibu wake." Nilijaribu kulirahisisha: "Usipolipa, tunachukua vyombo vyako na kuviuza." Linasomeka vizuri sana, na linakikana waziwazi kilichoandikwa juu. Kwetu kiwandani tulijua kanuni hii hata kama hatukuifuata: maandishi ya chini yana ruhusa ya kufafanua dai la juu, hayana ruhusa ya kulikana. Yakilikana, hakuna kalamu wala pointi itakayosaidia, lile la juu ndilo linalofutwa. Kipimo ni chepesi: liandike sharti kwa maneno ya kawaida, liweke sentimita moja kutoka kwenye dai, yasome yote mawili kwa pumzi moja. "Bila dhamana, usipolipa tunachukua vyombo vyako." Ukiona watu wanacheka, tangazo hilo ni la kutupwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kwenye biashara, wala sikumbuki kuona mahali inaporuhusu upotoshaji ukiwa wa herufi ndogo.

Na redio! Juzi nilishika saa ya simu. Tangazo la mkopo, nusu dakika nzima ya ngoma na vigelegele, mwisho kijana anasema "vigezonamasharti kuzingatiwa" kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Sekunde mbili hazikutimia. Mimi nauliza, vigezo vipi? Masharti gani? Yazingatiwe na nani? Hiyo sentensi haina hata sharti moja ndani yake, ni kama kikohozi. Nikamwambia binti asome kwa mwendo wa kawaida: "Ukikopa milioni moja na laki mbili, utarudisha milioni moja, laki sita na elfu thelathini na mbili kwa mwaka mmoja." Sekunde saba. Vigelegele vingepungua kidogo tu.

Maadam nimeshaanza, nani aliwaambia wafungashaji wa biskuti kwamba tarehe ya mwisho wa kutumia inakaa pale pale mashine inapobana meno ya pakiti? Nimenunua pakiti tatu wiki hii, mbili sijui kama zinaisha mwezi wa 3 au wa 8. Wajukuu wamekula. Na ninyi wenyewe, Mhariri, ukurasa wenu wa 14 mmechapisha tangazo la mkopo lenye mistari sita ambayo nimeisoma kwa lenzi, siku hiyo hiyo mliyowaonea huruma waliolizwa.

Pendekezo langu Tume ya Ushindani na Benki Kuu wanaweza kulichukua bila posho ya kikao. Msipange pointi 8 wala 10, watageuza fonti iwe nyembamba kama uzi. Semeni hivi: masharti ya mkopo yaandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule, rangi ile ile, kama neno TU kwenye "asilimia 3 TU". Neno hilo hawajawahi kulifanya dogo. Pembeni yake ziwe namba nne: unachopokea mkononi, unacholipa kila mwezi, mara ngapi, na jumla. Kwa shemeji yangu ni 1,152,000, 136,000, 12, 1,632,000. Hazihitaji wakili. Wakisema nafasi haitoshi, wampunguze yule mama anayecheka.

Shemeji amelipa marejesho matatu. Friza linaganda vizuri. Kile kipeperushi ninacho, nimekibandika ukutani karibu na kalenda, na rula ya kiwandani bado ninayo kama kuna mtu wa ofisi yoyote atapenda kuja kupima.

Msomaji prufu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam