Wifi ameniita mchoyo mbele ya kikoba, kisa dhahabu

Shangazi, shikamoo. Usiku kucha sijapata hata lepe la usingizi. Kwenye kikao mwenyekiti wetu, ambaye ni wifi yangu, alisimama akatoa hotuba ndefu kwamba fedha ya sandukuni inaoza na dhahabu haishuki, kwa hiyo tununue. Halafu akanitazama akasema, "Wapo wanaoshika ufunguo wakadhani sanduku ni lao." Watu wakacheka. Ufunguo ninao mimi na wenzangu wawili, lakini alinitazama mimi.

Siichukii dhahabu, Shangazi. Tuko Geita, nimekulia humo, na bangili za marehemu mama ndizo zilizonilipia ada. Lakini hata zile, sonara alipima uzito tu, ufundi hakulipa. Bangili ya gramu 20 ya karati 21 ina dhahabu halisi gramu 17.5, iliyobaki ni mchanganyiko. Unainunua pamoja na ufundi, unaiuza bila ufundi. Hiyo hasara anaibeba nani?

Na kusema haishuki si kweli. Mwaka 2011 wakia moja ilipita dola 1,900, mwishoni mwa 2015 ikawa chini ya 1,100. Sisi tunavunja kila Desemba. Bei ikiwa chini mwezi huo, tutamwambia mama wa genge asubiri miaka mingapi? Hela ile ile tukikopeshana inarudi na riba. Kipande cha dhahabu kitakaa tu, hakizai.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba anataka ya mchimbaji, si ya sonara. Anasema kijana wake atatupatia chini ya bei ya soko. Shangazi, soko la madini lipo hapa hapa tangu 2019. Mzigo unapimwa, serikali inakata mrabaha wa asilimia 6 na ukaguzi asilimia 1. Anayekuuzia pembeni kwa bei ya chini, ama amekwepa hayo, ama kipande si safi. Na kukaa na dhahabu ghafi bila leseni ni kosa, wanakamata na mzigo unataifishwa. Tena ikae nyumbani kwake! Sanduku lina funguo tatu kwa sababu gani?

Niliyasema hayo kwa adabu. Ndipo yakaja ya ufunguo. Miaka yote nimeandika daftari, haijawahi kupotea hata shilingi, leo mimi ndiye mchoyo. Mume wangu ananiambia ninyamaze, dada yake ni mkubwa.

Wakati mwingine nasema niwarudishie ufunguo, nichukue hisa zangu niondoke. Lakini nikiondoka, wale akina mama waliosaini kwa dole gumba nani atawasomea daftari? Wala sitaki kuondoka. Nataka aniombe radhi mbele ya wale wale waliocheka.

Jumamosi wanapiga kura. Nikikataa kufungua sanduku hata kura ikipita, nitakuwa nimevunja katiba ya kikundi au nimelinda hela za watu? Nijibu kabla ya siku hiyo, na jina langu usiliweke.