Kabla uweke bei ya ploti yako, piga hesabu ya kodi inayobaki

Wenye ploti wengi wakitupigia simu wanakuja na bei tayari, na mara nyingi wameitoa kwa jirani ama wamejumlisha pesa walizotumia kujenga. Sasa mnunuzi wa nyumba za kupangisha hajali ulijenga na ngapi. Yeye anaangalia ni pesa gani itabaki mkononi mwake kila mwaka, na hapo ndio bei inatoka.

Chukua ploti ya Ruiru, hizi za kawaida tu, bedsita 12 za 6,500 na za chumba kimoja cha kulala 4 za 10,000. Hiyo ni 118,000 kwa mwezi, 1,416,000 kwa mwaka. Mwenyewe anataka milioni 20, ukimuuliza imetoka wapi anakwambia ameskia ploti za huko zinauzwa kwa asilimia 7, yaani pesa inayobaki kwa mwaka ni asilimia 7 ya bei, kwa hivyo amegawanya 1,416,000 kwa 0.07. Kugawanya amegawanya vizuri, lakini amegawanya kodi yote badala ya ile inayobaki.

Tuanze kutoa. Ploti haijai mwaka mzima, kuna nyumba inakaa tupu wiki tatu na kuna mtu anahama usiku na deni, tuseme asilimia 10 inapotea, tunabaki na 1,274,400. Keateka 120,000 kwa mwaka. Stima ya ngazi na pampu, takataka na gari ya kunyonya choo, 108,000. Rangi, mifereji, vitasa na kadhalika 80,000. Ada ya ardhi ya kaunti na bima 32,000. Halafu hii ndio watu hubishana nayo sana: ada ya ajenti asilimia 7, kama 89,000. Mzee anasema lakini mimi nakusanya kodi mwenyewe! Sawa, lakini mnunuzi anaweza kuwa anakaa Eldoret ama Doha, na hata akikusanya mwenyewe hiyo ni kazi, lazima ihesabiwe. Jumla ya gharama ni 429,000, inabaki 845,400.

Mkopo wa benki hatuutoi hapa, huo ni wako na hauhami na nyumba. Ushuru wa KRA pia, ule wa asilimia 7.5 ya kodi tangu Januari 2024, huwa tunauacha nje, mradi zile ploti unazolinganisha nazo nazo zimehesabiwa hivyo hivyo. Ukiutoa upande mmoja tu umeharibu kila kitu.

Sasa asilimia ya kugawanya nayo. Usiiokote mtandaoni, itafute kwa ploti zilizouzwa karibu na wewe, zilizouzwa kabisa, si zilizotangazwa. Tuseme moja iliuzwa milioni 9.5 na ilikuwa inabakisha 810,000, hiyo ni kama asilimia 8.5. Nyingine iko karibu na lami, ina maji ya kisima, iliuzwa milioni 12 ikibakisha 930,000, hiyo ni 7.75. Yetu iko katikati, tunachukua 8. Gawanya 845,400 kwa 0.08 unapata kama milioni 10.57. Kwa zile milioni 20 mnunuzi angekuwa anapata asilimia 4.2, na huyu ni mtu ambaye Februari 2024 aliona serikali ikiuza bondi ya miundombinu ya zaidi ya asilimia 18 bila ushuru. Ni kweli kodi hupanda na riba ya bondi haipandi, lakini pengo kama hilo hawezi kulifumbia macho.

Ukiangalia hiyo hesabu utaona kila 1,000 inayobaki kwa mwezi inabeba 150,000 kwenye bei. Ndio maana wengine hujaza nyumba tupu na marafiki kabla ya kuuza, ama wanaandika 7,500 na mpangaji analipa 6,500. Mnunuzi mjanja ataomba stetimenti ya M-Pesa ya mwaka mzima na ataongea na wapangaji akiwa peke yake, na akikupata na uongo mmoja atakata hata zile ambazo ni za kweli. Mpe stetimenti mapema. Deposit za wapangaji pia ziandike, hizo ni deni linaloenda na nyumba. Na kama paa linavuja na fundi amesema 400,000, hiyo inatolewa mara moja kwa bei ya mwisho, usiiweke kwa gharama za kila mwaka.

Kwa ploti hii tungetangaza milioni 11.2, tukijua itafungwa karibu na 10.5 ama chini kidogo kama kuna hilo paa.

Hesabu hii inakataa mahali pamoja. Kama kiwanja kitupu cha saizi yako hapo mtaani kinauzwa milioni 13 kwa sababu watu wanajenga maghorofa, basi achana na kodi, unauza ardhi, na mtu atakayekulipa vizuri ni yule anayekuja kubomoa.