Kwenu mliobeba mzega: barua ya wazi kutoka kwa muuguzi mstaafu

Wanangu,

Wiki tatu zilizopita nilikuwa katika chumba kimoja hapa Tanga, nimewasha tochi ya simu, natazama kidonda kilicho juu kidogo ya mfupa wa mkia wa mama mmoja. Kiharusi kilimpooza upande wa kushoto miezi mitano nyuma. Aliyemgeuza ili nione ni binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 43 na watoto watatu. Mlangoni alisimama kaka yake mkubwa, ametoka kushuka basi la Dar es Salaam. Alikiona kile kidonda, akarudi hatua moja, akamwambia dada yake mbele yangu, mbele ya jirani na mbele ya watoto: "Hela natuma kila mwezi, halafu unamwacha mama anaoza?"

Binti hakujibu. Alivuta shuka, akamfunika mama yake, akaenda jikoni kutazama maharage. Nami nilinyamaza, kwa sababu mgonjwa alikuwa anasikia kila neno. Sasa nasema.

Nawaandikia ninyi mnaolea watoto na wazazi kwa wakati mmoja. Siku hizi mnaitwa kizazi cha sandwichi. Sisi tuliokulia pwani tulikuwa tukimwona mchukuzi wa maji anapita na mzega: mti begani, debe mbele, debe nyuma. Mchukuzi yule hawezi kutua debe moja akabaki na jingine, maana lile lililobaki litamwangusha. Nawaandikia pia ndugu zenu wanaotembea kando yenu mikono mitupu, na pengine barua hii ni yao zaidi.

Nianze na kidonda, kwa kuwa ndicho kilichotolewa hukumu. Mtu mzima wa afya anapolala hujigeuza mara nyingi usiku bila kujua. Aliyepooza hawezi. Nyama yake inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama hiyo huanza kufa ndani kabla ngozi ya juu haijaonyesha kitu. Kwa hiyo lazima mtu mwingine amgeuze, takriban kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hesabuni nami: saa mbili usiku, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili asubuhi. Mara sita kabla hakujapambazuka vizuri.

Na kugeuza si kusukuma. Unaondoa mito, unaangalia pampasi, unamsafisha, unamkausha bila kumsugua. Unamnyanyua kwa shuka iliyotandikwa chini yake, maana ukimburuta ngozi inachubuka. Unaweka mto nyuma ya mgongo ili aegemee mshazari, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Unaweka mto mwingine chini ya miundi ili visigino vining'inie, visiguse godoro. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Binti yule alikuwa akiifanya peke yake, robo saa kila mara kama pampasi ni kavu, nusu saa kama imechafuka. Saa kumi na moja alfajiri anaamka kuwaandaa watoto, saa moja na nusu anatakiwa awe mbele ya darasa.

Sasa niambieni, hapo uzembe uko wapi? Kidonda kile kilitoka kwenye saa nane na saa kumi za usiku, saa ambazo mwili wa binti ulikataa kuamka. Nimefanya uuguzi miaka 34, na wodini tulikuwa na zamu. Hata hivyo, wagonjwa wetu walipata vidonda pale tulipopungukiwa watu. Hakuna muuguzi aliyepangiwa zamu ya usiku miezi mitano mfululizo kisha akaenda kufundisha hesabu za darasa la sita.

Mnaouguza, shikeni haya. Kila mnapomwogesha mtazameni mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu na mabega. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kwa urahisi, kwa hiyo tafuteni mahali palipokolea rangi kuliko pembeni, au pana joto, au panakuwa pagumu ama teketeke ukigusa. Hapo ngozi ingali nzima, na mkipaondolea uzito kabisa mara nyingi panapona. Msipakande wala kupasugua. Msimkalishe juu ya mto wa ringi wenye tundu katikati, maana ukingo wake unabana damu vilevile. Ngozi ikifunguka, safisheni kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, na msinyunyize sukari, majani wala unga wa vidonge bila mtaalamu kukiona. Mkiona nyama nyeusi, usaha, harufu kali au homa, mpelekeni hospitali siku ileile.

Nirudi kwa yule kaka. Usiku ule nilimwomba jambo moja: dada yako alale chumba cha watoto, wewe shika zamu hii. Alikubali, nadhani kwa hasira. Saa nne alimgeuza. Saa sita alimgeuza, lakini alipata taabu kumsafisha, na mama alilia kwa aibu ya kuvuliwa nguo na mwanawe wa kiume. Saa nane alimgongea dada yake mlango, kwa sababu mama alikuwa ameteleza kitandani hadi upande wa miguuni na yeye hakuweza kumvuta juu peke yake. Asubuhi nilimkuta ameketi kizingitini, mikono kichwani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye sasa alikuwa amelijua uzito wake.

Ndipo tukakaa kikao. Kikao cha kwanza, mama alipotoka hospitali, kilikwisha kwa sentensi moja: "Mama atakaa kwa dada, sisi tutachangia." Mchango wenyewe ulikuwa shilingi 80,000 kwa mwezi kutoka kwa kaka wawili, na mwezi mwingine wa mdogo haukufika. Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. Zinaandika pesa kabla ya kuandika kazi. Safari hii nilichukua daftari la mtoto, nikachora saa 24, na nikamtaka binti ataje kila analolifanya, tangu uji wa asubuhi hadi kugeuza kwa saa kumi. Uji wenyewe una kazi yake: mgonjwa wa kiharusi huweza kupaliwa, kwa hiyo analishwa ameketi wima, kijiko kidogokidogo, na akianza kukohoa kila anapomeza anahitaji kuonwa na daktari. Hiyo ni nusu saa nyingine, mara tatu kwa siku.

Daftari lilipojaa, kaka hakuuliza tena pesa zake zinakwenda wapi. Walikubaliana hivi. Mama mmoja wa jirani, mtu mzima, alipwe kulala pale usiku tano kwa wiki, na mshahara wake ni jukumu la kaka mkubwa. Godoro la hewa linunuliwe kwa pamoja, na wote walielezwa kwamba godoro hilo linapunguza kubanwa lakini haliondoi kugeuza. Dada mdogo wa Muheza aje kila Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumapili jioni, na katika saa hizo mwalimu asiguse mto wala pampasi, hata akitaka. Kaka mdogo hakupokea simu. Jina lake limeandikwa, na mbele yake pameachwa wazi.

Kaka mkubwa alitaka pia kumchukua mama akakae naye Dar es Salaam. Nilimuuliza atakayeamka saa nane ni nani, akasema mke wake. Wanangu wa kiume, mkisema "nitamchukua mama", mara nyingi mnamaanisha mkeo atamchukua. Muulizeni kwanza yeye, na muulizeni akiwa peke yake, si mbele ya shangazi.

Kuhusu watoto. Binti wa mwalimu yule, wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa akiitwa kushika shuka upande wa pili. Mama yake alikuja kumwona amelala juu ya dawati katika shule anayofundisha yeye mwenyewe, akajifanya hajamwona. Aliponieleza hilo ndipo alipolia, wala si kwa maneno ya kaka yake. Mtoto kumlisha bibi yake uji na kumsomea ni malezi mema. Mtoto kuamshwa usiku kumnyanyua mtu mzima ni dhuluma, hata kama haikukusudiwa. Nayasema haya nikiwa na la kwangu: mwaka 1998, nilipokuwa nauguza mama yangu, nilimpiga mwanangu wa miaka saba kwa sababu ya kikombe cha chai kilichomwagika. Nilimpiga kupita kiasi. Nilikuwa sijalala usiku mzima kwa siku tisa. Ukiona mkono wako unakuwa mwepesi namna hiyo, usingoje kikao, piga simu siku hiyohiyo na useme, "Njooni, nimeshindwa."

Mengine nayataja tu. Pima presha yako mwenyewe. Usimwachie mgonjwa dada wa kazi wa miaka 15. Usikope kwa ajili ya sherehe ya mtoto ukiwa na mzazi kitandani. Mambo ya benki na hati za nyumba yaulizwe mzazi angali anazungumza, ndugu wote wakisikia.

Na serikali nayo isikie. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikubali kwamba familia hazitoshi peke yake. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, ilimpa mfanyakazi siku nne za malipo mtoto wake akiugua au akifariki, na siku hizohizo mzazi wake akifariki. Mzazi akiugua haikutaja kitu. Yaani ruhusa ya kumzika mama ilikuwapo, ya kumuuguza hapana. Kadi ya bima ya mtumishi wa umma nayo kwa miaka mingi ilibeba mwenzi na wategemezi wanne, watoto na wazazi katika hesabu moja. Mwenye watoto watatu alibaki na nafasi moja ya kuchagua kati ya mama, baba, mama mkwe na baba mkwe. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi. Bara tunasubiri nini?

Kidonda nilikipima tena juzi. Hakijafunga, lakini pembeni nyama imeanza kuwa nyekundu na safi, na harufu imekwisha. Mwalimu, nitapita Jumanne. Nataka nilikute lile daftari pale kitandani, na katika safu ya usiku nisiuone mwandiko wako.