Mbona kwenye video ya kijani waigizaji wanaangalia kila mtu kwake?

Wateja wetu wengi hapa Mtwara wakiona kazi ya grini skrini, yaani ile ya kushuti mbele ya kitambaa cha kijani halafu edita anaweka picha nyingine nyuma, imetoka ya uongo wanalaumu kitambaa au edita, kumbe mara nyingi ni macho tu.

Juzi tulikuwa na sini ya mama na shangazi wanamfokea mtoto aliyepanda mnazi, mnazi wenyewe tuliushuti Mikindani, kule juu alipo mtoto ni kama mita 11 na nusu na wao walitakiwa waonekane wamesimama mita 20 kutoka kwenye shina. Studio yetu haina hata mita 4 za kwenda juu, sasa utaweka wapi mtoto? Tukagawa kila kitu kwa 10. Macho ya mama yapo mita 1 na nusu toka chini, kwahiyo mtoto yuko mita 10 juu ya macho yake, ukigawa unapata mita 1. Basi tukachomeka bibo jekundu kwenye fito (msimu wa korosho huu, mabibo yapo tele) tukalisimamisha nyuma ya kamera, mita 2 mbele yao, kimo mita 2 na nusu. Shingo ikainuka vilevile kama kwenye mnazi wa kweli.

Teki ya kwanza ikaharibika. Wote wawili wanaangalia bibo moja, lakini wamesimama mita 1 mmoja na mwenzie, na kitu kikiwa karibu hivyo macho yao yanakatana, ukiangalia kwenye skrini unaona kabisa wanatazama inzi sio mtoto wa mbali. Dawa yake kila mtu apewe bibo lake, yakaachana sentimita 90 hivi, ndo macho yakaenda karibu sambamba. Tatizo linalobaki ni klozapu, jicho linalotazama kitu cha mita 2 linaingia ndani kidogo, kwahiyo pale tunafungua mlango muigizaji aangalie kitu cha mbali huko nje, bora pembe iwe ileile.

Alafu sauti jamani. Mama anamwita mtoto wa juu ya mnazi, upepo wa bahari unavuma, ye anaongea kama yuko jamvini anakula! Tukamtoa kijana wetu mmoja nje hatua 25, tukamwambia usijibu mpaka usikie vizuri. Teki ya tatu shangazi alifoka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini 😂

Mtoto akianza kushuka, mtu anashusha fito taratibu kwa kuhesabu moja mpaka nane, na edita anamshusha mtoto kwa hesabu hiyohiyo.

Kwahiyo ukija kubuku tutakuuliza kitu wanachokitazama kipo juu kiasi gani na kipo umbali gani, na ile picha ya nyuma kamera iliwekwa kimo gani. Usipojua kimo cha kamera tunarudi kushuti upya, hiyo gharama ni yako. Na nguo ya kijani usivae.