Risala ya Klabu ya Wanahabari kwa Mgeni wa Heshima, Nakuru

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo. Tumepewa dakika tano tu kwa hivyo tunaomba tusiseme mengi ya klabu, tuseme tu kile kisa cha ile taarifa ya mvua maana wazazi wengi hapa walipata ile meseji na wengine bado wanatucheka.

Ilikuwa Ijumaa. Skrinshoti ya onyo la mvua kubwa ilizunguka kwa grupu za Wasap, haina tarehe wala haisemi ni kaunti gani, sisi nasi tukaandika kwa ubao wa matangazo: MAFURIKO KUIKUMBA NAKURU WIKENDI HII. Kufika brek kuna watoto walikuwa wanalia, wengine wameazima simu kwa jikoni kuita wazazi, na mama mmoja akaja hadi geti na begi tupu akasema anachukua wake. Patroni akatuuliza swali moja tu, nani amesema mafuriko? Tukanyamaza.

Tukatafuta tangazo lenyewe la Idara ya Hali ya Hewa. Lilisema mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24, kutoka Ijumaa alasiri hadi Jumapili usiku, uwezekano kati ya 33 na 66 kwa 100. Mafuriko hayakuwa yametabiriwa, kulikuwa tu na onyo kwamba yanaweza kutokea mahali mahali. Milimita 20 ni lita 20 kwa kila mita mraba, sasa paa la darasa letu lenye mita mraba 60 linashusha lita 1,200, hiyo inajaza tenki dogo tu. Lakini kwa korongo ambalo maji ya mlima mzima yanashukia hapo ni habari nyingine, ndio maana mvua ni ile ile na hatari si ile ile.

Tukafuta, tukasoma upya kwa paredi ya jioni: "Idara ya Hali ya Hewa inasema kuna uwezekano wa mvua kubwa kuanzia leo alasiri hadi Jumapili usiku. Inaweza pia isifike huku kwetu. Anayekaa karibu na mto au korongo asilale hapo mvua ikikazana, na mtu asivuke maji yanayokimbia hata kama yamefika goti tu. Tutabandika habari mpya kesho saa moja asubuhi."

Jumamosi kopo letu la maziwa tuliloweka uwanjani lilipima milimita 11. Kuna mzee akatuambia tulimdanganya. Tulimweleza kwamba uwezekano wa hamsini hivi kwa mia maana yake ni kwamba karibu nusu ya mara itakosa, na sijui kama alikubali, lakini tungekuwa tumesema "haitanyesha" ingekuwa mbaya zaidi. Kumbukeni Oktoba 2023 tuliambiwa ile Elnino haitakuja vile ilivyotabiriwa, na Novemba watu wakafagiliwa na maji.

Jambo la pili tulilojifunza ni kutokimbilia lawama. Mai Mahiu, kaunti yetu hii hii, alfajiri ya Jumatatu 29 Aprili 2024, redio zilitangaza bwawa la Old Kijabe limepasuka. Watu waliamini haraka sana, na si ajabu, Solai tulizika zaidi ya watu 40 bwawa la Patel lilipopasuka Mei 2018, kwa hivyo masikio yalikuwa tayari. Baadaye Wizara ya Maji ikasema si bwawa, ni kalvati chini ya reli iliyozibwa na miti na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake hadi tuta likaachia. Sasa fikirieni kama ungekuwa umeshataja mwenye bwawa kwa jina. Na yule anayekaa bondeni alfajiri ile hakuhitaji kujua ni bwawa au kalvati, alihitaji kusikia maji yanashuka kutoka Kijabe, apande juu. Siku hizi ndivyo tunaandika: maji yameonekana wapi, saa ngapi, nani ameyaona, na kwamba chanzo hakijathibitishwa. Hata idadi ya waliokufa tunaiandika na saa pembeni, kwa sababu siku ile ilikuwa inabadilika kila baada ya muda.

Mgeni wetu wa heshima, shida zetu ni mbili. Kopo la maziwa lina kutu na linavuja, tunaomba kipima mvua cha ukweli. Halafu kila kaunti ina mkurugenzi wa hali ya hewa, na sisi tangazo lake hutufikia limepita grupu tano, limekatwa tarehe. Ukitusaidia tupate siku ya kwenda ofisini kwake Nakuru mjini, hata Jumamosi, tuko tayari na nauli tumeshachanga.

Ahsante kwa kutusikiliza.